Jirani Asiyeswali Nawe

Mujahid bin Jabr, mwanachuoni mashuhuri wa tafsiri huko Makka, alisimulia jambo aliloliona mwenyewe. Alikuwa ameketi kwa Abdullah bin Amr, sahaba wa Mtume, na pembeni kijana wa nyumbani alikuwa akichuna kondoo. Abdullah akamwagiza kijana kwamba akimaliza kazi yake aanze kugawa nyama kwa jirani yao Myahudi. Mtu mmoja aliyekuwa hapo akashtuka, akauliza kama kweli anaanziwa Myahudi. Abdullah akamjibu kuwa alimsikia Mtume Muhammad akiusia sana juu ya jirani, hata wao masahaba wakadhani jirani atapewa fungu katika urithi.

Kisa hicho kimo katika kitabu cha adabu cha Imamu Bukhari, na kwa maneno yanayokaribiana kimo kwa Abu Dawud na Tirmidhi. Waislamu wengi wa mijini wameisikia ile sehemu ya mwisho, ya jirani kukaribia kurithi. Yule mtu aliyeshtuka hutajwa mara chache, na yeye ndiye anayetufaa zaidi. Anaonyesha kwamba hata katika kizazi cha mwanzo kulikuwa na watu waliodhani wasia wa jirani unawahusu wale wanaosimama nao safu moja msikitini, na kwamba dhana hiyo ilisahihishwa papo hapo, nyama ikiwa bado inachunwa.

Katika mtaa kama Mbagala, Magomeni au Manzese jijini Dar es Salaam, swali la yule mtu bado ni swali la kila siku. Nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na uani nyuma inaweza kuwa na familia ya Kiislamu, ya Kilutheri, ya Kikatoliki, na kijana wa kanisa la kilokole anayefanya kazi za usiku. Wanatumia bomba moja, choo kimoja, kamba moja ya kuanikia nguo na zamu moja ya kufagia. Sheikh anayetoa mawaidha ya haki za jirani katika mtaa wa namna hiyo hazungumzi na Waislamu peke yao, hata kama walioketi mkekani ni Waislamu watupu. Vipaza sauti vinampeleka hadi uani kwa kila mtu.

Na si jambo la nadharia. Mwezi Oktoba 2012, kule Mbagala, watoto wawili, mmoja Muislamu na mwingine Mkristo, walibishana juu ya msahafu, na yule wa Kikristo akaukojolea. Ubishi huo wa watoto ulifika kituo cha polisi, na Ijumaa ya tarehe 12 umati ukakusanyika ukidai mtoto yule atolewe. Kabla jua halijazama makanisa kadhaa yalikuwa yameshambuliwa, mengine yakiwa yametiwa moto. Miezi minne baadaye, Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mzozo wa nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa uliishia kwa ghasia na mchungaji mmoja kuuawa. Katika matukio yote mawili, kilichoanza kilikuwa jambo la majirani: watoto wa mtaa mmoja, na bucha la mtaa mmoja.

Kwa hiyo inafaa kuuliza Uislamu unasema nini hasa kuhusu jirani wa dini nyingine, na unakomea wapi.

Msingi ni aya ya 36 ya Sura ya An-Nisaa. Inaamrisha wema kwa wazazi, jamaa, mayatima na masikini, kisha inataja jirani wa karibu, jirani wa mbali, na mwenza aliye ubavuni. Wafasiri walitofautiana kuhusu huyo jirani wa mbali. Wapo waliosema ni asiye ndugu wa damu, wapo waliosema ni asiye wa dini yako. Imamu Tabari, aliyekusanya kauli hizo zote, alielekea kwenye maana ya jirani mgeni, asiye na udugu nawe, awe Muislamu au asiwe. Karne nyingi baadaye Ibn Hajar al-Asqalani, katika sherehe yake ya Sahihi Bukhari, aliorodhesha wanaoingia chini ya jina la jirani, na orodha yake ni pana: Muislamu na asiye Muislamu, mcha Mungu na mwovu, rafiki na adui, mwenyeji na mgeni.

Kuna hadithi maarufu inayowagawa majirani katika mafungu matatu: mwenye haki moja, mwenye mbili na mwenye tatu. Ndugu Muislamu ana haki ya ujirani, ya Uislamu na ya udugu. Muislamu asiye ndugu ana mbili. Asiye Muislamu ana moja, ya ujirani. Wataalamu wa hadithi wanasema mapokezi yake ni dhaifu, na sheikh muungwana atalisema hilo. Hata hivyo mpangilio wake unakubalika kwa wanachuoni, nao una jambo moja la kulishika: ile haki ya ujirani ni ileile kwa wote watatu. Dini na udugu huongeza haki nyingine juu yake, lakini haviigusi yenyewe.

Jirani ni nani, basi? Hasan al-Basri aliulizwa, akasema nyumba arobaini mbele, arobaini nyuma, arobaini kulia na arobaini kushoto. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki, yanatumia hesabu hiyo katika mlango wa wasia: mtu akiusia mali yake wagawiwe majirani zake, hesabu huwa arobaini kila upande. Katika ghorofa za siku hizi za Kariakoo hesabu hiyo inaweza kuisha kabla hujatoka kwenye ngazi. Bibi Aisha aliuliza swali la kiutendaji zaidi: ana majirani wawili, zawadi ampe nani? Mtume akamwambia ampe yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Bukhari ameipokea hadithi hiyo, na kipimo kilichotajwa humo ni mlango tu.

Mawaidha mengi huanzia jikoni, na si vibaya. Hadithi ya Abu Dharr katika Sahihi Muslim inamwagiza apikapo mchuzi aongeze maji, kisha awaangalie majirani zake. Ni agizo la mtu wa kawaida, asiye na ng'ombe wa kuchinja. Anachoongeza ni maji. Lakini jikoni ndiko pia maswali magumu yanakoanzia, na msemaji asiyeyajua atawaacha wasikilizaji wakinong'onezana.

Swali la kwanza ni nyama ya Idi ya kuchinja. Mkristo wa chumba cha pili amesikia mbuzi akilia asubuhi nzima; je, apewe fungu la udhiya? Hapa wanachuoni hawako pamoja. Wahanafi na Wahanbali wanaruhusu kumpa asiye Muislamu katika udhiya ya hiari. Ndani ya madhehebu ya Shafii, Imamu Nawawi aliandika kwamba mwelekeo wa madhehebu ni kuruhusu katika udhiya ya sunna na kukataa katika ile ya wajibu, kama ya nadhiri. Wakubwa wa Kishafii waliokuja baadaye, akiwamo Ramli, walikataa yote. Ndiyo maana katika mtaa mmoja utakuta mzee anayepeleka bakuli kwa jirani Mkristo bila wasiwasi na mwingine anayesita, na kila mmoja ana mwalimu wake nyuma yake. Anayesita ana njia nyepesi: anunue kilo ya nyama buchani, apike pamoja na ya kwake katika sufuria nyingine, apeleke. Hakuna madhehebu yanayozuia hilo.

Zaka ni jambo jingine. Zaka ya mali na ile ya Idi ya Fitri, kwa Washafii, hupewa Waislamu. Abu Hanifa aliruhusu zaka ya Fitri kwa asiye Muislamu anayeishi kwa amani na Waislamu, lakini huo si msimamo wa wengi. Sadaka ya kawaida haina kizuizi hicho. Futari inayopelekwa kwa jirani, unga anaosaidiwa mjane Mkristo mwisho wa mwezi, nauli ya kwenda hospitali, vyote viko wazi. Aya ya 8 ya Sura ya Al-Mumtahina haiwakatazi Waislamu kuwatendea wema na uadilifu watu ambao hawakuwapiga vita kwa ajili ya dini wala hawakuwatoa majumbani mwao.

Upande wa pili wa sahani, yaani chakula kinachotoka kwa jirani Mkristo kwenda kwa Muislamu, mitaa yetu imeutafutia ufumbuzi wake muda mrefu. Familia ya Kikristo ikiwa na harusi, kipaimara au msiba, humwita Muislamu wa jirani aje kuchinja, sufuria za pilau zikatengwa, na kitimoto kikawekwa mbali au kisiwepo kabisa siku hiyo. Hakuna sheria ya serikali inayowalazimisha. Wanafanya hivyo ili majirani zao wale, na hii ni heshima ambayo mawaidha ya msikitini yangefaa kuitaja kwa shukrani, badala ya kuichukulia kuwa ni deni lao la kawaida.

Lakini chakula ni nusu nyepesi ya haki za jirani. Nusu nzito ni kutomdhuru. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Abu Shuraih, Mtume aliapa mara tatu kwamba hana imani mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Na katika hadithi nyingine aliambiwa habari za mwanamke anayeswali usiku, anayefunga mchana na kutoa sadaka, ila ulimi wake unawaudhi majirani. Akasema huyo hana kheri. Hadithi hizo zinasemwa kwa kila jirani, na ni ajabu kwamba tunazisoma kama za masengenyo tu, ilhali katika mji wenye vyumba vilivyobanana madhara mengine ni makubwa kuliko maneno: moshi, maji machafu, na zaidi ya vyote, kelele.

Hapa wahubiri hukanyaga kwa uangalifu, kwa sababu kelele za mtaa hazitoki upande mmoja. Kuna mkesha wa kanisa la uwanjani unaoendelea hadi alfajiri. Kuna kigodoro, kuna baa. Na kuna msikiti. Msemaji akitaja vya wengine akaacha cha kwake, wanaomsikiliza nje ya ukuta watajua mara moja.

Mafundisho kuhusu sauti msikitini yapo, na ni ya wazi. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri kwamba Mtume alikuwa itikafuni ndani ya msikiti, akawasikia watu wakisoma Kurani kwa sauti kubwa. Akafunua pazia, akawaambia kwamba kila mmoja wao anazungumza na Mola wake, basi wasiudhiane na wala wasipandishiane sauti katika kusoma. Zingatia waliokuwa wakiudhiwa: Waislamu wenzao, walio ndani ya msikiti, na kinachosomwa ni Kurani. Ikiwa usomaji huo ulizuiwa usiwaudhi waumini walioko ibadani, ni vigumu kumtetea anayewasha spika za nje saa tisa usiku wa Ramadhani ili kuwaamsha kwa daku watu ambao nusu yao hawafungi na wengine wana mtoto mgonjwa.

Adhana ni suala lake. Ni alama ya Uislamu, huchukua dakika chache, na wasio Waislamu wengi wa miji ya pwani wameizoea toka utotoni. Mvutano huja katika yale yanayofuata adhana: swala nzima kurushwa nje, mawaidha ya saa mbili, mihadhara ya mlinganisho wa dini ambayo msemaji huichambua imani ya jirani kwa spika iliyoelekezwa dirishani kwake. Kuhusu hilo la mwisho, aya ya 108 ya Sura ya Al-An'am inawakataza Waislamu kutukana vile wanavyoviomba wengine, wasije wakalipiza kwa kumtukana Mungu bila ujuzi. Na kuhusu spika, mfano ulio karibu ni wa Saudi Arabia yenyewe. Mwezi Mei 2021 Wizara ya Mambo ya Kiislamu ya nchi hiyo iliagiza spika za nje za misikiti zitumike kwa adhana na ikama peke yake, na sauti isizidi theluthi moja ya uwezo wa mashine. Zipo sauti zilizolalamika, lakini wizara ilishikilia kuwa wazee, wagonjwa na watoto wanaudhika, na ikakumbushia mafundisho ya kutopandishiana sauti. Hakuna aliyeweza kusema kwamba Riyadh iliagizwa na makanisa.

Tanzania nayo ina Kanuni za Viwango vya Udhibiti wa Kelele na Mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, limewahi kuzifungia baa kwa kuzivunja.

Sasa chukua mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Muislamu wa Temeke anataka kufunga mashine ya kusaga nafaka kwenye banda la uani kwake. Ukuta wa banda ndio ukuta wa chumba cha kulala cha jirani Mkristo. Mashine itaanza saa kumi na mbili asubuhi, itatikisa ukuta, na vumbi la unga litaangukia nguo zilizoanikwa upande wa pili. Ana haki ya kufanya hivyo katika ardhi yake?

Mtu angetarajia jibu la haraka kutoka kwenye vitabu vya fikihi, nalo halipo. Katika Minhaj, kitabu cha Imamu Nawawi ambacho kimesomeshwa vizazi na vizazi katika darsa za mwambao, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mtu anaweza kuigeuza nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa hamamu au zizi, na duka lake lililo katikati ya wauza nguo kuwa la mhunzi, mradi achukue tahadhari na aimarishe kuta. Kila mwenye mali huitumia mali yake kwa kadiri ya desturi, na akivuka desturi analipa kilichoharibika. Yaani Mshafii wetu wa Temeke, akisimama kwenye herufi ya kitabu, ana hoja. Akijenga ukuta wa pili wenye nguvu na akaipachika mashine juu ya msingi wa zege uliotengana na ukuta, amefanya alichotakiwa. Ukuta wa jirani ukipata ufa kwa sababu amevuka desturi, atalipa.

Wahanafi wa zama za mwisho walikaza zaidi. Majalla, sheria ya kiraia ya dola ya Uthmaniya iliyotungwa kati ya 1869 na 1876 kwa msingi wa fikihi ya Kihanafi, inahesabu kuwa ni dhara kubwa, linalopaswa kuondolewa, pale karakana ya mhunzi au kinu kinapojengwa ubavuni mwa nyumba na mtikisiko ukaidhoofisha, au tanuri likatoa moshi unaomfanya mwenye nyumba ashindwe kukaa. Mashine ya Temeke ingeingia humo moja kwa moja.

Tofauti hiyo inamfundisha mhubiri jambo la uaminifu. Asiwaambie watu kwamba Uislamu unampa jirani nguvu ya kuzuia kila kitu, kwa kuwa madhehebu yao wenyewe hayasemi hivyo. Anachoweza kusema, tena kwa nguvu, ni kwamba kuwa na haki mbele ya kadhi si kuwa salama mbele ya ile hadithi ya viapo vitatu. Kadhi anatazama ukuta uliopasuka. Hadithi inamtazama mtoto wa jirani aliyeamshwa saa kumi na mbili na mama yake anayefua upya nguo zilizojaa unga. Kwa hiyo mwenye mashine anabaki na mambo matatu ya kufanya hata baada ya kupata ruhusa ya fikihi: aanze kazi saa mbili badala ya saa kumi na mbili, atundike turubai upande wa kamba za nguo, na aende kubisha hodi kwa jirani kabla ya kununua mashine, si baada yake. Na juu ya hayo, bado ana vibali vya manispaa na kanuni za kelele za kufuata, ambazo hazimuulizi madhehebu yake.

Je, jirani akiwa ndiye mkorofi? Jibu lililo katika Sunan Abu Dawud ni la kuchekesha kidogo. Mtu alimlalamikia Mtume kuhusu jirani yake. Akaambiwa arudi akasubiri. Akaja tena mara mbili au tatu. Hatimaye Mtume akamwambia akatoe vyombo vyake aviweke njiani. Akavitoa. Kila mpita njia akauliza kulikoni, akaelezwa, na kila aliyeelezwa akamlaani yule jirani. Haukupita muda jirani akaja mwenyewe akimwomba arudi ndani, akiahidi hataona tena baya lolote kutoka kwake.

Mpangilio wa kisa hicho ni somo kamili. Kwanza subira, na si mara moja. Kisha jambo linawekwa hadharani bila mkono kuinuliwa, aibu ikafanya kazi ambayo ngumi isingeifanya. Hapakuwa na umati wala nyumba iliyochomwa. Katika mtaa wa leo vyombo njiani vina sura nyingine: kwanza unamwendea mwenyewe, kwa salamu na kwa jina analolipenda, akikataa unamtafuta mtu mzima anayemheshimu, awe mzee wa kanisa lake au imamu wako, halafu mjumbe wa nyumba kumi, mwenyekiti wa mtaa, na baraza la kata. Kule Mbagala mwaka 2012, ngazi hizi zilirukwa kwa siku chache tu. Mtoto aliyekosea alikuwa na wazazi na nyumba inayojulikana, na wa kuwaendea walikuwa hao.

Lipo kosa moja ambalo wasemaji wengi wanalifanya kwa nia njema. Hukisimulia kisa cha mwanamke, mara nyingi akitajwa kuwa ni Myahudi, aliyekuwa akimtupia Mtume taka kila siku, na siku alipokosa kuzitupa Mtume akaenda kumjulia hali akamkuta mgonjwa. Kisa kinapendwa, na watoto wa madrasa wanakijua. Tatizo ni kwamba kwa sura hiyo hakipatikani katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Mbele ya hadhira iliyochanganyika, ambako huenda kuna mtu wa kwenda kukitafuta, ni afadhali kushika kilicho thabiti.

Na kilicho thabiti kipo. Anas bin Malik amesimulia, na Bukhari ameipokea, kwamba kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia Mtume aliugua. Mtume akaenda kumtazama, akaketi upande wa kichwa chake. Akamwita kwenye Uislamu. Kijana akamtazama baba yake aliyekuwa hapo, na baba akamwambia amtii Abul Qasim, naye akasilimu. Msemaji asiifiche sehemu hiyo ya mwito ili kuwapendeza wageni, wala asiifanye kuwa sababu pekee ya ile ziara. Katika mapokezi mengine ya Bukhari, jeneza la Myahudi lilipita Mtume akasimama, na alipoambiwa kuwa ni la Myahudi akauliza kama huyo si nafsi ya mtu. Marehemu huyo hakuwa wa kusilimishwa.

Kwa mitaa yetu, msiba ndio mahali ambapo haya yanaonekana bila kuhubiriwa. Wanaume wa Kiislamu hubeba jeneza la jirani Mkristo hadi makaburini, hukaa pembeni wakati wa ibada, na hurudi kuketi chini ya turubai. Rambirambi hutolewa kwa daftari lilelile. Nawawi ametaja wazi kwamba Muislamu anaweza kumpa mkono wa pole asiye Muislamu, na jirani Mkristo naye hukaa uani siku tatu za tanga la Kiislamu akiosha vyombo.

Ramadhani inarudi kila mwaka, na kamati za misikiti hukutana mapema kupanga darsa, futari na matangazo. Mkutano huo ungeweza kuwa na ajenda moja zaidi: kuwatuma watu wawili, mmoja kijana na mmoja mzee, wapite katika nyumba zinazouzunguka msikiti, za Waislamu na za wasio Waislamu, waulize kama spika ya nje inamsumbua mtu, ni saa ngapi, na ielekezwe wapi. Wawe na kalamu, na majibu yasomwe mbele ya imamu kabla mwezi haujaandama.